Salamu ya Nyumba Nzima: Mfano wa Ogembo

Aingiaye katika nyumba iliyojaa watu huko Ogembo, katika nchi ya Abagusii, hukabiliwa na maswali mawili kabla hajaketi: amwamkie nani kwanza, na je, ampe kila mmoja mkono? Majibu yake yamo katika lugha na katika ujamaa pia.

Asubuhi Ekegusii husema Bwakire, yaani kumekucha. Jioni husema Bwairire, giza limeingia. Maneno hayo hutaja wakati, wala hayamtaji mtu. Kwa hiyo hayabadiliki, awe msikilizaji ni mmoja au hamsini. Kiswahili sivyo kilivyo: hujambo ni ya mmoja, hamjambo ni ya wengi. Baada ya Waingereza kufungua kituo cha Kisii mwaka 1907, Kiswahili kilienea kwa njia ya baraza, soko na shule, na hamjambo ikapata nafasi kando ya Bwakire.

Lakini mkono ni jambo jingine. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti miaka ya 1955 hadi 1957 na kuchapisha kitabu chao mwaka 1966, walieleza ensoni, yaani haya na staha inayotenga kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto wao. Staha hiyo ni kali zaidi baina ya wakwe, ambao kwa desturi hawapeani mikono. Baina ya babu na mjukuu hakuna kizuizi cha namna hiyo. Hao huruhusiwa hata mzaha.

Tuchukue mfano wa mke wa mwana anayeingia penye wazee wa ukoo. Akianza kutoa mkono kwa aliye karibu na mlango, amekwisha kujifunga: akimfikia baba mkwe, ama atavunja ensoni, ama atamruka, na kurukwa mbele za watu ni aibu. Kwa hiyo husimama karibu na mlango, akatamka Bwakire kwa wote. Wazee huitikia Bwakire buya. Hapo kila mtu amekwisha kuamkiwa, na hakuna aliyerukwa. Baadaye huwaendea wanawake wenzake na wakongwe wa kizazi cha mabibi, akawapa mkono mmoja mmoja, akianza na mkubwa wao.

Basi salamu ya jumla si uvivu wa kuzunguka, bali ndiyo inayouwezesha mzunguko kuwa wa baadhi tu bila kumtukana yeyote. Mwezi Machi 2020, korona ilipoingia Kenya na serikali ikawataka watu waache kupeana mikono, mikono ilizuiwa kwa wote. Wenyeji walihitaji tu kuitumia kwa kila mtu salamu ambayo wakwe walikuwa wakiitegemea tangu zamani.