Bonasi ya benki inayolipwa kwa mafungu: Ukiacha kazi, hela iliyobaki inakwenda wapi?

Ukisikia mfanyakazi wa benki kubwa ya London au New York amepewa bonasi ya pauni 100,000, usidhani hela yote imeingia kwenye akaunti yake siku hiyo. Sehemu hulipwa papo hapo. Iliyobaki huahidiwa tu, halafu hutolewa kidogo kidogo kwa miaka mitatu, minne au zaidi, mara nyingi kwa njia ya hisa za benki yenyewe.

Sasa swali ambalo wengi hujiuliza wakiwa wamechelewa: ukiacha kazi katikati, kile ambacho hujalipwa ni chako au si chako?

Jibu fupi ni kwamba inategemea umeondokaje, na umeondoka tarehe gani.

Kwa nini hawalipi yote kwa mkupuo?

Kabla ya msukosuko wa kifedha wa 2008, mfanyakazi wa benki angeweza kuuza mikopo mibovu, akachukua bonasi nono mwaka huohuo, na hasara ikaonekana yeye akiwa ameshaondoka. Mwaka 2009, Bodi ya Uthabiti wa Fedha, chombo kinachounganisha wasimamizi wa nchi zenye uchumi mkubwa, ilitoa mwongozo: wakuu wa mabenki wacheleweshewe asilimia 40 hadi 60 ya bonasi, kwa muda usiopungua miaka mitatu.

Kwa hiyo fungu linalosubiri lina kazi mbili. Kwanza, benki inaweza kulikata ikigundulika kwamba faida ya mwaka ule ilikuwa ya uongo, au kwamba mhusika alivunja taratibu. Pili, linamfunga mfanyakazi asihame. Hii ya pili ndiyo inayowauma wengi.

Hesabu inavyojipanga

Tuchukue mfano. Mfanyakazi anapata bonasi kila Machi, na kila bonasi ina pauni 30,000 za kusubiri. Hizo zinalipwa kwa miaka mitatu, pauni 10,000 kila Machi inayofuata.

Machi ya kwanza anaahidiwa 30,000. Machi ya pili analipwa 10,000, zinabaki 20,000, lakini anaahidiwa 30,000 nyingine. Sasa anadai 50,000. Machi ya tatu analipwa 10,000 kutoka kila ahadi, zinabaki 30,000, anaongezewa 30,000 mpya. Anadai 60,000.

Machi ya nne analipwa 30,000 na kuahidiwa 30,000. Bado anadai 60,000. Na itakuwa hivyo kila mwaka.

Yaani akishafika hapo, hakuna siku atakayoondoka akiwa hadai kitu. Anachoweza kuchagua ni kuondoka baada tu ya malipo ya Machi, akiacha 60,000 nyuma, badala ya kuondoka Februari na kupoteza pia zile 30,000 zilizokuwa karibu kulipwa.

Kuondoka kwa heri, kuondoka kwa shari

Mikataba ya bonasi huwagawa wanaoondoka katika makundi mawili.

Wa kwanza ni wale ambao kuondoka hakukuwa hiari yao, au benki imekubaliana nao: waliopunguzwa kazini, waliougua au kupata ulemavu, waliostaafu kwa makubaliano, au waliokuwa katika kitengo kilichouzwa. Hawa kwa kawaida hubaki na haki yao. Lakini kuwa makini: kubaki na haki si kulipwa leo. Mara nyingi hela hutoka kwa tarehe zilezile za awali, hata kama mtu hayupo tena ofisini. Na katikati akijiunga na benki shindani au akavuta wateja wa zamani, mikataba mingi inaruhusu haki hiyo kufutwa.

Kundi la pili ni aliyefukuzwa kwa kosa na, hapa ndipo wengi hushangaa, aliyejiuzulu mwenyewe kwenda kazi nyingine. Hata kama alifanya kazi vizuri miaka 10, kwenye karatasi yuko kundi moja na aliyefukuzwa. Mafungu yasiyofika tarehe yanafutika yote.

Mtego wa tarehe ya notisi

Kosa la kawaida ni kudhani kinachohesabika ni siku ya mwisho kazini. Mikataba mingi inasema ukiwa umeshatoa au umeshapewa notisi siku ya malipo ifikapo, fungu hilo hulipati. Ukiandika barua ya kujiuzulu Februari 20 ukiwa na notisi ya miezi mitatu, Machi itakukuta bado mwajiriwa, mshahara unaingia, lakini bonasi imeshapotea.

Mwajiri mpya akikufidia

Njia ya kawaida ya kutoka ni mwajiri mpya kununua kile unachopoteza. Anakupa hisa zake au fedha, kwa ratiba inayofanana na ile ya zamani. Nchini Uingereza, tangu Januari 2017, fidia ya namna hii nayo inaweza kukatwa ikiwa benki ya zamani itagundua baadaye kwamba ulikosea ulipokuwa kwao. Kuhama hakufuti rekodi.

Kisa maarufu ni cha Andrea Orcel, aliyekuwa akiongoza benki ya uwekezaji ya UBS. Septemba 2018, Santander ya Hispania ilitangaza kwamba angekuwa mkurugenzi mtendaji wake. Barua ya ofa iliahidi kumfidia bonasi ambazo angezipoteza UBS, hadi euro milioni 35. Orcel akajiuzulu UBS.

Januari 2019, Santander ikabadili mawazo, ikisema gharama ya kumfidia ilikuwa kubwa mno kuliko ilivyotarajia. Orcel akabaki hana kazi ya zamani wala mpya, akaenda mahakamani Madrid.

Hoja kubwa ilikuwa moja: je, ile barua ya ofa ilikuwa mkataba? Desemba 2021 mahakama ikasema ndiyo, na kuamuru alipwe takriban euro milioni 68. Mwezi uliofuata kiasi hicho kilishushwa hadi milioni 51.4, na mahakama ya rufaa ikakishusha tena mwaka 2023 hadi karibu milioni 43.5. Orcel mwenyewe alishahamia UniCredit ya Italia mwaka 2021.

Kilichomwokoa ni karatasi. Ahadi ya mdomo ya "tutakurudishia unachopoteza" isingemfikisha mbali.

Usome nini kabla ya kuandika barua

Kwanza, tafuta kanuni za mpango wa bonasi, si mkataba wa ajira peke yake. Mara nyingi ni nyaraka mbili tofauti, na masharti ya kuondoka yako kwenye ile ya kwanza.

Pili, soma sentensi inayohusu notisi na uilinganishe na tarehe ya malipo.

Tatu, kama unapunguzwa kazini, hakikisha barua ya kuachishwa inataja kundi uliloingizwa na orodha ya mafungu yatakayolipwa. Ukisaini maneno ya jumla kwamba hudai chochote, unaweza kuwa umesaini kuyaacha.

Nne, kwa mwajiri mpya, omba kiasi, tarehe za malipo, na nini kitatokea akisitisha ofa baada ya wewe kujiuzulu. Vyote viwe kwenye maandishi, na viwe mkononi kabla hujatoa notisi.