Kunata kwa Nguo za Sintetiki

Kunata kwa nguo ni hali ya kitambaa kikavu kujibandika mwilini au kwenye nguo nyingine kwa nguvu ya umemetuli. Huonekana zaidi kwenye poliesta, nailoni na akriliki. Katika mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia jiji la Mwanza hadi Kamanga, upande wa pili wa ghuba, kisa chake cha kawaida ni sketi nyepesi ya poliesta iliyovaliwa juu ya gagulo la nailoni mchana wa kiangazi. Kadiri mvaaji anavyotembea, sketi hupanda na kujikunja katikati ya miguu.

Hali hii haifanani na kunata kwa jasho. Nguo yenye jasho hushika mgongoni na kwapani, na ikiguswa huwa na unyevunyevu. Nguo yenye umemetuli ni kavu kabisa, huvuta vumbi na manyoya madogo, na ikisogezwa karibu na mkono husimamisha vinyweleo. Kipimo rahisi ni kuipapasa kwa kiganja kilicholowa kidogo: ikiachia pale pale, chanzo ni umeme.

Chanzo

Vitu viwili tofauti vinapogusana, chaji kidogo huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Vikitenganishwa, kimoja hubaki na chaji chanya na kingine chaji hasi. Msuguano huongeza idadi ya sehemu zinazogusana na kuachana, ndiyo maana kutembea kunatosha kuichaji sketi, lakini kugusana peke yake pia huhamisha chaji.

Nyuzi hupangwa kwa mwelekeo wake wa kuchajika. Nailoni na sufu huwa upande wa chanya, pamba karibu na katikati, poliesta na akriliki upande wa hasi. Sketi ya poliesta na gagulo la nailoni ziko karibu na ncha mbili za mpangilio huo, kwa hiyo hakuna jozi ya kabatini iliyochaguliwa vibaya zaidi. Hata hivyo, mpangilio si sheria kamili: mabaki ya sabuni, rangi au dawa ya kiwandani juu ya kitambaa yanaweza kuugeuza.

Kuchajika ni nusu tu ya jambo. Pamba nayo huchajika, lakini chaji yake huvuja kabla haijalimbikizana. Poliesta ni kihami kizuri mno, na chaji iliyoingia inaweza kukaa dakika nyingi, pengine saa. Mwili wa binadamu, kwa upande wake, hupitisha umeme. Kitambaa chenye chaji hasi kikiukaribia, chaji chanya hukusanyika kwenye ngozi iliyo mkabala nacho, na viwili hivyo huvutana.

Nguvu inayohitajika ni ndogo. Kitambaa chepesi cha bitana chenye gramu 80 kwa mita ya mraba huvutwa chini na uzito wake kwa takriban paskali 0.8. Chaji ya mikrokulombi 5 kwa mita ya mraba, ambayo ni chini ya moja ya tano ya kiwango ambacho hewa huweza kuhimili kabla ya kutoa cheche, huvuta kitambaa hicho kuelekea mwilini kwa paskali 1.4 hivi. Mvuto huo unakaribia mara mbili ya uzito. Suruali ya jinzi yenye gramu 400 kwa mita ya mraba ingehitaji mvuto wa karibu paskali 4, kwa hiyo huanguka wima hata ikiwa na chaji ileile.

Unyevu wa hewa

Maji ndiyo njia kuu ya chaji kutoroka. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji yanayofikia takriban asilimia 8 ya uzito wake mkavu, nailoni kama asilimia 4, na poliesta asilimia 0.4 tu. Kwa nyuzi zinazofyonza maji kama pamba, ukinzani wa umeme hupungua takriban mara kumi kila unyevu wa hewa unapopanda kwa asilimia 13. Poliesta haina ndani yake maji ya kutosha kufanya kazi hiyo. Hutegemea utando mwembamba wa unyevu na uchafu juu ya uzi.

Kinachohesabika ni unyevu ukilinganishwa na joto la hewa. Chukua asubuhi ya Julai yenye nyuzijoto 18 na unyevu wa asilimia 85. Hewa ileile ikipashwa na jua hadi nyuzijoto 29, bila kuongezewa wala kupunguziwa mvuke, unyevu wake hushuka hadi asilimia 44. Kwa pamba, tofauti hiyo huongeza ukinzani kama mara elfu moja, na bado chaji huvuja upesi. Kwa sketi ya poliesta, utando wa juu hukauka. Ndiyo maana nguo iliyotulia asubuhi huanza usumbufu saa nane mchana.

Kamanga imependelewa kidogo, kwa sababu mchana upepo huvuma kutoka ziwani na kurudisha mvuke. Bara, kama Shinyanga au Dodoma, nafuu hiyo haipo. Ofisi yenye kiyoyozi huwa mbaya kuliko barabara iliyo nje yake, maana mashine hukamua maji kutoka hewani. Kali zaidi ni nyumba za Ulaya wakati wa baridi: hewa ya nyuzijoto sifuri yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzijoto 20, hubaki na asilimia 21 tu. Gauni lisilowahi kunata Mwanza linaweza kunata huko kila siku.

Mchanganyiko wa nyuzi

Kitambaa cha poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35, kinachotumika sana kwa mashati na sare za shule, hubeba kwa wastani maji ya asilimia 3 hivi. Kiasi hicho kinakaribia cha nailoni, lakini kwa kawaida kitambaa hiki hunata kidogo kuliko nailoni. Sababu ni mpangilio: nyuzi za pamba na poliesta zikichanganywa kabla ya kusokotwa, zile za pamba hugusana ndani ya kila uzi na kufanya njia ndefu ya kupitishia chaji. Pamba ikiwa chache mno, njia hiyo hukatika vipande vipande na faida yake hupotea ghafla.

Kuchanganya poliesta na nailoni hakusaidii, kwa kuwa vyote ni vihami. Reyoni, inayotengenezwa kwa rojo ya mbao iliyosindikwa, hufyonza maji kuliko pamba na hufaa sana kwa bitana. Hewa ikikauka kupita kiasi, pamba na reyoni nazo hupitisha kwa shida, na mchanganyiko uliofanya vizuri ziwani huanza kunata.

Nguo za mitumba, kama zile za soko la Mlango Mmoja jijini Mwanza, mara nyingi hazina lebo. Uzi uliochomolewa kwenye upindo na kuchomwa hutoa jibu: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, na mchanganyiko huacha majivu yenye punje ngumu.

Kupunguza

Kubadili gagulo la nailoni kwa la pamba huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Mafuta ya kujipaka miguuni husaidia kwa saa chache. Vilainisha nguo huacha utando unaovuta unyevu, nao hutoka kwa kufua. Kupiga pasi kavu muda mfupi kabla ya kuvaa hufukuza unyevu mdogo uliopo, na nguo hunata zaidi.

Cheche inayotoka wakati wa kuvua sweta la akriliki haina madhara mwilini, ila inaweza kuwasha mvuke wa petroli.