Uchambuzi wa thamani ya kazi iliyofanyika

Uchambuzi wa thamani ya kazi iliyofanyika ni njia ya kupima mradi kwa kulinganisha mambo matatu katika tarehe moja: kazi iliyopangwa kuwa imekamilika, kazi iliyokamilika kweli, na gharama ya kazi hiyo. Yote matatu huandikwa kwa fedha. Katika ujenzi njia hii hutumika zaidi mradi unapochelewa na kuvuka bajeti, kwa kuwa ndipo maswali mawili ya mwenye mradi, fedha zimekwenda wapi na jengo litakwisha lini, hukosa jibu katika taarifa za kawaida za matumizi. Taarifa inayosema nusu ya bajeti imetumika haionyeshi kama nusu ya jengo imesimama.

Programu za kupangia miradi huyaandika mambo hayo kwa herufi PV (thamani iliyopangwa), EV (thamani ya kazi iliyofanyika) na AC (gharama halisi). Bajeti nzima ni BAC. Vipimo viwili vikuu hutokana nayo:

```
CPI = EV / AC
SPI = EV / PV
```

CPI huonyesha kila shilingi iliyotumika imezaa kazi ya thamani gani, na SPI huonyesha ni sehemu gani ya kazi iliyopangwa kufikia tarehe hiyo imefanyika. Kipimo chochote kati ya hivi kikiwa chini ya 1, hali ni mbaya. Mpangilio huu haufuatwi kila mahali. Katika ujenzi wa vinu vya nyuklia vya Vogtle, jimbo la Georgia nchini Marekani, CPI ilihesabiwa kwa kugawanya saa za kazi zilizotumika kwa saa zilizostahili, hivyo tarakimu iliyozidi 1 ndiyo ilikuwa habari mbaya. Anayepokea taarifa ya mradi asioujua huanza kwa kuuliza kipi kimegawanywa kwa kipi.

Asili

Njia hii ilikomaa katika ununuzi wa silaha wa Marekani. Mwaka 1967 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilitoa vigezo 35 ambavyo makandarasi wake wakubwa walitakiwa kuvitimiza katika kudhibiti gharama na ratiba. Tukio lililoipa umaarufu nje ya ofisi za wahasibu ni ndege ya kivita A-12 ya jeshi la majini, iliyofutwa na Waziri wa Ulinzi Dick Cheney mnamo Januari 1991. Takwimu za thamani zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba mradi ulikuwa taabani, lakini makadirio yaliyopelekwa ngazi za juu yalibaki ya matumaini.

Baada ya hapo mtafiti David Christensen na wenzake walichambua mikataba mingi ya ulinzi, wakaona kwamba mradi ukishapita asilimia 20 ya kazi, CPI yake ya jumla hubadilika kidogo sana, na mara nyingi hubadilika kuelekea chini. Utafiti wa Henderson na Zwikael wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kanuni hiyo haiwezi kupelekwa tu kwenye miradi ya aina nyingine, ujenzi ukiwamo. Hata hivyo bado hunukuliwa kama sheria.

Mfano: jengo la madarasa

Tuchukue jengo la madarasa la ghorofa moja lenye bajeti ya shilingi milioni 1,000 na muda wa miezi 10. Ratiba ilitaka kufikia mwisho wa mwezi wa tano kazi za milioni 520 ziwe zimekamilika: msingi wote (milioni 150), nguzo, boriti na sakafu za zege zote (milioni 250), na sehemu kubwa ya kuta (milioni 120 kati ya 160).

Mkadiria majenzi alipopima siku hiyo alikuta msingi umekwisha. Kazi ya zege ilikuwa imefika asilimia 80, yaani milioni 200, na kuta zilizosimama zilikuwa za thamani ya milioni 50. Jumla EV ni milioni 400. Vitabu vya mkandarasi vilionyesha gharama ya milioni 500: msingi 190, zege 255, kuta 55.

Kwa hiyo CPI ni 400 kwa 500, sawa na 0.80. Kila shilingi 100 iliyotoka imezaa kazi ya shilingi 80. SPI ni 400 kwa 520, yaani 0.77. Anayeangalia matumizi peke yake angeona milioni 500 zimetumika mahali ambapo 520 zilipangwa, akaridhika kwamba mradi uko ndani ya bajeti. Hilo ndilo kosa ambalo njia hii ilibuniwa kulizuia.

Hatua inayofuata ni kushuka chini ya wastani. Msingi una CPI ya 0.79, zege 0.78, kuta 0.91. Sababu za mbili za kwanza hazifanani hata kidogo. Msingi ulichimbwa kwa kina zaidi ya michoro kwa sababu ya udongo mfinyanzi uliokutwa chini, na mvua ikajaza mitaro maji kabla ya zege la kwanza kumwagwa. Hasara hiyo imekwisha kutokea na haitajirudia. Kwenye zege, boriti kadhaa zilibomolewa kwa kuwa zilitoka na mashimo, zikamwagwa upya. Zege lililomwagwa mara mbili huingia kwenye AC mara mbili na kwenye EV mara moja tu. Ikiwa fundi na usimamizi ni walewale, hasara ya aina hii itafika hadi zege la mwisho.

Tofauti hiyo ndiyo huamua makadirio ya gharama ya mwisho. Kama matatizo yote yamepita na kazi iliyobaki ya milioni 600 itafanyika kwa bei ya mpango, jengo litagharimu milioni 1,100. Kama mwendo utabaki uleule, bajeti hugawanywa kwa CPI na jibu ni milioni 1,250. Kama mkandarasi atalazimika pia kuongeza watu na saa ili kufidia kuchelewa, baadhi ya wachambuzi hugawanya kazi iliyobaki kwa CPI mara SPI, na jumla hupanda hadi karibu milioni 1,475. Mkandarasi hupenda kutaja makadirio ya kwanza. Katika mfano huu, ambapo nusu ya tatizo bado iko hai, makadirio ya pili ndiyo ya busara zaidi.

Kuna kipimo cha kupima ahadi, TCPI, ambacho ni kazi iliyobaki kugawanywa kwa fedha iliyobaki. Hapa ni 600 kwa 500, yaani 1.20. Mkandarasi anayeapa kumaliza ndani ya bajeti ya awali anaahidi kwamba timu iliyokuwa ikizalisha 80 kwa kila 100 sasa itazalisha 120. Mhandisi mshauri ana haki ya kuuliza ni kitu gani kitakachobadilika kesho asubuhi.

Kasoro ya SPI

Mradi wowote ukikamilika, hata kwa kuchelewa miaka, EV yake huwa sawa na bajeti, na PV nayo ilikwisha kufika hapo zamani. SPI hurudi kuwa 1. Jengo la madarasa likimalizika mwezi wa 13 kwa gharama ya milioni 1,265, CPI itakuwa 0.79 na kusema ukweli, lakini SPI itaandika 1.00 kana kwamba hakuna siku iliyopotea. Kupanda huko huanza mapema. Mwishoni mwa mwezi wa 10, siku ambayo jengo lilipaswa kukabidhiwa, kazi ikiwa ya milioni 860, SPI ni 0.86, bora kuliko ilivyokuwa mwezi wa tano, ilhali mwenye mradi bado hana jengo.

Walt Lipke, aliyefanya kazi katika kituo cha jeshi la anga cha Tinker, Oklahoma, alichapisha mwaka 2003 tiba iliyo rahisi: ucheleweshaji upimwe kwa muda badala ya fedha. Huulizwa kazi iliyopo leo ilipangwa kufikiwa mwezi gani. Katika mfano wetu milioni 400 zilipangwa mwisho wa mwezi wa nne, na sasa ni mwisho wa tano. Nne kwa tano ni 0.80, na miezi 10 ikigawanywa kwa 0.80 hutoa miezi 12 na nusu. Mwezi wa 10, kazi ya milioni 860 ilikuwa ya mwezi wa nane katika mpango. Nane kwa kumi ni 0.80 tena, na kipimo hakijadanganya.

Kasoro ya pili haitibiki kwa hesabu. SPI huhesabu kila shilingi sawa, iwe imetoka kwenye kazi inayoshikilia tarehe ya mwisho au kwenye kazi inayoweza kusubiri. Mkandarasi anayebanwa anaweza kujenga kuta za chini haraka na kuanza uzio, SPI ikapanda, huku sakafu ya juu, ambayo paa haliwezi kuezekwa bila hiyo, imesimama. Ndiyo maana kipimo hiki husomwa pamoja na ratiba yenyewe, kamwe si peke yake.

Upimaji wa kazi kwenye eneo la ujenzi

Tarakimu zote hapo juu zina uzito wa kipimo cha EV tu. Asilimia zinazotajwa kwa macho hupanda haraka hadi 90 na kukaa hapo kwa wiki kadhaa. Njia salama ni kupima kwa mita, au kugawa kazi katika hatua zinazoonekana, kwa mfano nguzo kupewa sehemu ya thamani yake baada ya kusuka nondo, nyingine baada ya kufunga mbao, na iliyobaki baada ya kumwaga zege na mbao kufunguliwa.

Katika miradi ya Afrika Mashariki hati za malipo za kila mwezi huchukuliwa mara nyingi kama EV iliyo tayari. Hazifai bila kusafishwa. Hati inaweza kubeba malipo ya awali na thamani ya saruji na nondo zilizolala stoo, na hupunguzwa sehemu inayozuiwa kama dhamana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema ukuta umefika wapi. Kwa upande wa AC, hatari kubwa ni ankara zinazochelewa: zege limemwagwa mwezi huu na kuhesabiwa kwenye EV, msambazaji anadai mwezi ujao, na CPI hung'aa kwa siku 30. Mhasibu huzuia hilo kwa kuandika deni siku kazi ilipofanyika. Dalili ya kosa hili ni CPI ya mwezi mmoja mmoja inayoruka juu na chini ilhali idadi ya mafundi na mwendo wa kazi havijabadilika.

Viwango

Marekani ilipata kiwango cha kitaifa cha njia hii mwaka 1998, ANSI/EIA-748, na kile cha kimataifa, ISO 21508, kilitolewa mwaka 2018. Programu za Primavera P6 na Microsoft Project huhesabu vipimo vyote vikuu.