Safu ya Lugha: Msaliti si tapeli

Hapa Tunduma neno "usaliti" limekuwa rahisi mno. Mteja akivuka kununua Nakonde, mwenye duka analalamika amesalitiwa. Hapana, amekimbiwa na mteja. Dalali asiyejulikana akitoweka na nauli ya mzigo, huyo ni tapeli. Kusaliti, kitenzi chenye asili ya Kiarabu, kunahitaji kwanza imani: anayekusaliti ni yule uliyemkabidhi siri, mali au usingizi wako. Jirani wa neno "msaliti" ni "haini", naye pia Mwarabu kwa asili, lakini siku hizi uhaini tumeuachia mahakama: ni kosa dhidi ya dola, si dhidi ya ndugu.

Mwandishi wa riwaya lazima aijenge imani hiyo kabla ya kuivunja. Tazama Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Hasidi na Mwivu, nduguze Adili, wanapoteza urithi wao katika biashara, wanarudi mikono mitupu, na Adili anagawana nao mali yake bila masimango. Kila mgawo unaongeza deni la wema, na kila deni linawauma wenye husuda. Kisha anapatikana binti Mwelekevu, kitu kimoja kisichogawanyika. Ndipo usiku, chomboni, wanamtosa ndugu yao baharini. Majina yao yalikwisha kututahadharisha, tena waziwazi kupita kiasi kwa ladha yangu. Asiyeyasikia ni Adili peke yake.