Ordinatere mbili, ekra moja: kazi ya KVM ndani ya studio

KVM ni kisanduku kidogo chenye kinawekwa kati ya ordinatere mbili na ekra moja, klavie moja na suri moja. Mtu anabonyeza butoni, na ekra inahama kutoka ordinatere ya kwanza kwenda ya pili, pamoja na klavie na suri. Ile yenye imeachwa haizimiki, inaendelea na kazi yake. Lakini fishie hazihami: hizo bado zinapita kwa kle USB ao rezo.

Tuchukue studio ndogo ya radio. Ordinatere moja inapitisha nyimbo na matangazo hewani, ya pili ni ya montaji. Kabla ya kufunga, zote zinazimwa. Kila moja inatoa waya mbili kwenda KVM: ya picha (VGA ao HDMI, kufuatana na kisanduku) na ya USB. Ekra, klavie na suri zinaingia upande wenye mara nyingi umeandikwa CONSOLE. KVM nyingi ndogo hazina prizi yao, zinakula kurant ya USB.

Ordinatere ziwashwe moja moja, butoni ikiwa imegeukia ile yenye inawaka. Sababu ni hii: wakati wa kuwaka, ordinatere inauliza ekra ukubwa wake. KVM ya bei ndogo ikiwa imegeukia upande mwingine, hakuna mwenye kujibu, na picha inaweza kutoka kubwa kupita kiasi ao ekra ikabaki nyeusi. Hapo butoni igeuzwe, kisha ile ordinatere iwashwe upya.

Hatari kubwa kwa radio ni sauti. KVM fulani ziko na shimo za USB za ziada, na fundi anaweza kushawishika kuchomeka humo karte ya sauti. Asifanye vile. Siku mtu wa montaji atabonyeza butoni, karte itahamia kwake na radio itanyamaza hewani, hata kama kwenye ekra wimbo unaonekana kucheza. Karte ichomekwe moja kwa moja nyuma ya ordinatere ya hewani, na waya yake iende kwa mikseri.

HDMI nayo iko na mtego wake, juu inabeba pia sauti. Ekra ikihama, Windows inaweza kuona kama kifaa cha sauti kimepotea ao kimerudi, na kuchagua kingine yenyewe. Ndani ya programu ya kupitisha nyimbo, karte ichaguliwe kwa jina lake, isiachwe kwenye chaguo la Windows.

Mbele ya kwenda hewani, wimbo uchezwe, mtu avae kaske, na butoni ibonyezwe mara kumi. Sauti ikikatika hata mara moja, waya ya karte ifuatwe mpaka mwisho: mara nyingi itakutwa imeishia ndani ya KVM.