Taarifa ya hundi iliyorudi

taarifa ya hundi iliyorudi *nm* Barua ambayo mpokeaji wa hundi humwandikia aliyeitoa, kumjulisha kwamba benki haikuilipa, na kumwomba alipe kwa njia nyingine pamoja na ada ambayo benki ilimkata mpokeaji kwa sababu hiyo.

Matumizi. *Hundi* ni neno lililoingia kutoka lugha za Bara Hindi, ambako wafanyabiashara waliitumia hati ya jina hilo kuhamisha fedha bila kubeba sarafu. *Cheki* limetoka katika Kiingereza nalo husikika zaidi mazungumzoni, hasa Kenya, ambako cheki isiyolipwa husemwa kuwa "imebaunsi". Katika barua rasmi yafaa kuandika kwamba hundi *imerudi* au *imerudishwa bila kulipwa*. Vitenzi hivi vinaeleza tendo la benki na kuishia hapo.

Waandishi wengi huteleza katika kivumishi. *Hundi bandia* ni hundi ya kughushi, na *hundi hewa* huashiria udanganyifu uliokusudiwa. Mteja ambaye akaunti yake ilipungukiwa kwa siku mbili hakughushi kitu; akiandikiwa kwamba ametoa hundi bandia, ametuhumiwa kosa jingine kabisa, tena kwa maandishi. Deni ambalo lingelipwa ndani ya wiki hugeuka mzozo wa heshima.

Kabla ya kuandika, mpokeaji husoma sababu iliyotolewa na benki, kwa kuwa barua yote huielemea. *Salio halitoshi*, *akaunti imefungwa* na *malipo yamesitishwa na mwenye akaunti* ni mambo matatu tofauti. Zipo pia sababu zisizogusa uwezo wa mteja: sahihi haifanani na iliyo benki, tarehe haijafika, hundi imepita muda wake (kwa desturi miezi sita), au kiasi kwa maneno hakilingani na kiasi kwa tarakimu. Katika hili la mwisho sheria huyapa maneno nguvu kuliko tarakimu, lakini benki kwa kawaida huirudisha tu hundi hiyo ili isahihishwe. Mteja wa aina hii anahitaji ombi la hundi mpya tu, na sauti ya kudai deni haimfai.

Mfano. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru alipokea hundi ya shilingi 148,500 kwa saruji na mabati. Aliiweka benki tarehe 7 Machi 2023, ikarudi kesho yake kwa sababu ya upungufu wa salio. Benki yake ilimkata shilingi 500. Aliandika hivi:

> 9 Machi 2023
>
> Bwana Mpendwa,
>
> KUH: HUNDI NAMBA 000417 YA SHILINGI 148,500
>
> Hundi iliyotajwa hapo juu, uliyotupa tarehe 6 Machi kulipia ankara namba 212, imerudishwa na benki bila kulipwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba salio halikutosha. Nakala ya hati ya benki imeambatishwa.
>
> Kwa hiyo ankara hiyo bado haijalipwa. Aidha, benki yetu imetukata ada ya shilingi 500 kwa hundi hiyo kurudi, kama inavyoonekana katika taarifa ya akaunti iliyoambatishwa.
>
> Tunakuomba utulipe jumla ya shilingi 149,000 kabla ya mwisho wa siku ya Alhamisi, tarehe 16 Machi, kwa pesa taslimu, kwa hundi ya benki au kwa kuhamisha fedha moja kwa moja katika akaunti yetu. Hatutaiwasilisha tena hundi ya awali. Utarudishiwa mara utakapokamilisha malipo.
>
> Iwapo umekwisha kulipa, au kuna jambo ambalo ungependa tulifahamu, tafadhali wasiliana nasi.
>
> Wako mwaminifu,

*KUH:* ni kifupi cha *kuhusu*, nacho ni cha kawaida Kenya, pamoja na *MINT:* (*mintarafu*). Tanzania huandikwa *YAH:*, yaani *yahusu*. Ile sentensi iliyozoeleka, "Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu", haina kazi hapa. Mteja atahusika vya kutosha akiona namba ya hundi yake.

Neno *ada* limechaguliwa kwa makusudi. *Faini* hutozwa na mwenye mamlaka ya kuadhibu, na muuza saruji hana mamlaka hayo. *Tozo* kwa Watanzania wengi limefungamana na makato ya serikali kwenye miamala ya simu yaliyoanza mwaka 2021, hivyo laweza kumpotosha msomaji. *Makato* si kosa, ila linataja fedha zilizoondolewa katika akaunti bila kusema kwa huduma gani. Kiasi kinachodaiwa ni kile tu ambacho mpokeaji mwenyewe alikatwa, nacho huthibitishwa kwa karatasi. Benki ya mteja huenda nayo imemtoza mteja kwa upande wake. Ada hiyo ni baina yao wawili na haiingii katika barua. Mwenye duka anayeongeza "gharama za usumbufu" za shilingi 2,000, bila kuwapo makubaliano ya awali, humpa mteja hoja ya kubishania, na shilingi 148,500 husubiri wakati ubishi ukiendelea.

Sentensi inayosahaulika mara nyingi ni ile inayohusu hundi ya awali. Mpokeaji aweza kuiwasilisha benki kwa mara ya pili, akitumaini kwamba fedha zimeingia. Mteja anayelijua hilo atasita kulipa taslimu, kwa hofu ya kulipa mara mbili. Barua isiyosema hundi iko wapi na itafanywa nini hucheleweshwa na hofu hiyo, hata kama mteja ana nia njema.

Wakati na sheria. Taarifa huandikwa mapema. Sheria ya Kenya inayohusu hundi, iliyofuata kwa karibu ile ya Uingereza ya mwaka 1882, inataka taarifa itolewe ndani ya muda wa kuridhisha. Kwa kawaida maana yake ni kwamba ikiwa wahusika wako mji mmoja, imfikie mtoaji siku inayofuata ile ambayo hundi ilikataliwa, na wakiwa miji tofauti, itumwe siku hiyo. Si lazima iwe barua. Hata neno la mdomo linatosha, mradi hundi itambulike na ijulikane kwamba haikulipwa. Ni kweli kwamba mtoaji ambaye hakuwa na fedha benki kwa kawaida hawezi kujitetea kwa kukosa taarifa, lakini karatasi yenye tarehe humwondolea mpokeaji haja ya kubishana.

Kuhusu vitisho vya polisi, Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 316A, inafanya kuwa kosa kutoa hundi kwa akaunti ambayo mtoaji anajua kwamba haina fedha za kutosha au imefungwa, au kutoa hundi ambayo mtoaji amekwisha kuiagiza benki isiilipe. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata hivyo, katika suala la upungufu wa salio, kifungu hicho hakiigusi *hundi ya tarehe ya mbele*, yaani iliyoandikwa tarehe ambayo haijafika wakati wa kutolewa. Wauzaji wengi huzipokea hundi za namna hiyo kama ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi. Anayeandika "utafikishwa polisi" kwa hundi kama hiyo anatishia kwa kifungu kisichomhusu mteja wake, na njia iliyobaki kwake ni kudai fedha zake kwa shauri la madai.