Sauti iliyovuka Limpopo

Ukitoka Kihonda kwenda Mazimbu, unafika mahali ambapo chama cha ANC kilijenga Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu mwishoni mwa miaka ya 1970, juu ya lililokuwa shamba la mkonge. Kabla ya hapo, mwaka 1969, Morogoro ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa kihistoria wa chama hicho. Wanachama wake waliokimbilia hapa kutoka Afrika Kusini walikuwa zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Johannesburg. Je, waliwafikiaje watu wao?

Jaribio la kwanza lilifanyika nyumbani kwao. Tarehe 26 Juni 1963 Walter Sisulu alisikika kwenye Radio Freedom, kituo cha siri kilichorushwa kutoka Johannesburg kwenyewe. Kabla ya majuma matatu kupita, polisi walimkamata Rivonia. Mtambo ulio ndani ya nchi ya adui hutafutwa na kunaswa, kwa hiyo redio hiyo ilihitaji ardhi ya rafiki.

Rafiki huyo akawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Idhaa yake ya nje ilizipa harakati za ukombozi muda wa kurusha matangazo kwa masafa mafupi. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda hadi tabaka la anga lenye chembe za umeme, zaidi ya kilomita 100 juu yetu, kisha hurudishwa chini mbali sana. Ndiyo maana sauti iliyoondoka Dar iliweza kushuka Soweto. Lakini tabaka hilo hubadilika mchana na usiku. Sauti huja na kuzama, na msikilizaji hulazimika kuzungusha kitufe taratibu huku sikio likiwa karibu na spika.

Serikali ya makaburu ililijua hilo. Kuanzia miaka ya 1960 ilijenga mtandao wa FM kwa ajili ya Radio Bantu, idhaa yake ya lugha za Kiafrika, ikahimiza watu weusi wanunue redio zinazoshika FM. FM husafiri kwa mstari ulionyooka. Sisi wa chini ya Uluguru tunajua: mlima ukisimama kati ya mnara na nyumba yako, sauti hufifia. Redio isiyo na masafa mafupi haikuweza kusikia Dar es Salaam hata kidogo. Kwa maoni yangu huo ndio ukatili uliofanywa kwa akili kuliko wote, kwa sababu uliwaziba watu masikio kwa kuwauzia redio.

Waliobaki na redio za masafa mafupi walisikiliza kwa hofu, kwani kukamatwa kuliweza kumpeleka mtu jela. Marufuku dhidi ya ANC iliondolewa tarehe 2 Februari 1990. Miaka miwili baadaye Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wazee wa Kihonda waliofanya kazi Mazimbu bado wapo. Waulizeni walichokisikia redioni, mkiandike.